Mshenga Aliyetafuta Lugha ya Weusi

Zamani za Mdachi, pale kwenye kijiji cha wafanyabiashara nje kidogo ya Chonyonyo, huko Karagwe, mtu akitaka kuoa hakuanza kwa baba wa msichana. Alianza kwa Shaaban bin Feruzi. Baba wa msichana angeweza kukufukuza. Shaaban hakumfukuza mtu. Alikukaribisha dukani, akakutazama juu mpaka chini kama kitambaa anachotaka kukikata, kisha akakuambia, "Wewe niachie mimi." Na kweli ukimwachia yeye, unaoa.

Baba yake, marehemu Feruzi, alikuwa mpagazi kutoka Manyema. Alifika Karagwe na mzigo wa nguo za merikani kichwani, akautua, akasema hauinui tena, na neno lake akalitimiza mpaka kufa. Shaaban alizaliwa hapo hapo penye migomba, hajapata kuiona bahari hata kwa ndoto, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha pwani tupu. Alikiokota kwa watu wa misafara mmoja mmoja, akakipiga pasi. Dukani aliuza nguo, chumvi na shanga. Mdomo hakuuza, huo aliutoa bure kwa sababu ulimpendeza yeye mwenyewe.

Tena alikuwa mweusi, weusi ule wa ti. Nalisema mapema kwa kuwa hadithi yote imekaa hapo.

Sasa sikilizeni alivyofanya kazi. Mteja wake awe mvivu, awe mnuka kikwapa, awe mtu wa kumtupia mbuzi mawe, Shaaban akifika kwa wazee wa msichana alikaa kitako, akashusha pumzi, akasema, "Mimi sitaki kusema mengi. Huyu kijana ana moyo mweupe pe." Basi. Wazee wanatazamana, kahawa inaletwa. Na kama kuna mposaji mwingine, Shaaban hamtukani, la. Anainamisha kichwa kwa huzuni na kusema, "Sipendi kumsema mtu, ila yule ana roho nyeusi." Yule mwingine kwisha habari yake.

Ujanja wake ulikuwa hapa: ukisema fulani mgomvi, utaulizwa kagombana na nani, lini, nani aliona. Ukisema fulani ana roho nyeusi, hakuna anayeuliza kitu. Kila mtu anahisi amekwisha kuelezwa. Maneno ya namna hiyo huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi, na Shaaban alikuwa mjumbe wao mkubwa. Siku ya msiba kwake ilikuwa siku nyeusi. Mwongo alikuwa mwenye mambo ya giza. Mtu aliyeshinda shauri barazani ametoka mweupe. Hakupata hata siku moja kujiuliza yeye mwenyewe, Shaaban mweusi ti, anasimama wapi katika maneno hayo. Samaki naye hajiulizi habari za maji.

Siku za kutojiuliza zilikwisha alipompenda Maua.

Maua alikuwa mjane, mshona kofia za darizi, na katika wilaya nzima hapakuwa na mkono kama wake. Alikuwa mweusi kama Shaaban, mrefu, mwenye ulimi. Wanaume wengi walimposa tangu eda yake iishe, wengine kwa kupitia kwa Shaaban mwenyewe, naye akawakataa wote bila kusema sababu. Watu walisema anachagua. Shaaban naye alisema hivyo hivyo, na moyoni akafurahi kila alipokataliwa mtu, mpaka siku moja akajikuta anafurahi kupita kiasi. Akafunga duka mchana kweupe, akalala chali, akaitazama dari. Yalikuwa yamemfika.

Maua aliishi na shangazi yake, Bi Mwaja, na Bi Mwaja ndiye aliyekuwa mlango. Rangi yake ilikuwa maji ya kunde. Alijipaka liwa asubuhi na jioni ili ngozi itakate, na alikuwa na bibi wa Kiarabu ambaye kila mwaka alizidi kuwa Mwarabu. Kaniki, ile nguo nyeusi, hakuigusa hata kwa kuanikia mtama. "Kule pwani," alisema, "kaniki ilivaliwa na watumwa. Muungwana alivaa nyeupe." Wanawake wa Kinyambo, wenyeji wa Ihembe, waliinunua kwa furaha, maana utomvu wa ndizi huharibu nguo nyeupe kwa siku moja, na kaniki huuficha. Bi Mwaja aliwatazama akawahurumia, yeye na merikani yake nyeupe yenye madoa ya utomvu.

Mila haimruhusu mtu kujiposea. Shaaban aliijua mila hiyo kuliko yeyote, maana ndiyo iliyompa jina. Akamtuma Ramadhani, mfanyabiashara wa chumvi, jirani yake, mtu mzuri asiye na maneno. Akamfundisha kutwa nzima. "Useme nina moyo mweupe. Useme polepole. Ukifika kwenye 'mweupe', shusha sauti."

Ramadhani akaenda, akashusha sauti. Akarudi uso umemshuka pia.

"Amesemaje?" Shaaban akauliza.

"Amesema moyo wako hajauona. Anachokiona ni ngozi."

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini? Akaendelea. Akasema, 'Huyu Shaaban miaka yote anakuja kukaa kwenye jamvi langu na kunifundisha kwamba kila kitu kibaya ni cheusi. Roho nyeusi, siku nyeusi, mambo ya giza. Nimemsikia, nimemwamini. Leo anataka nisahau somo lote kwa ajili yake peke yake?'"

Shaaban alinyamaza. Ramadhani, ambaye hakuwa amemwona akinyamaza tangu wajuane, alimletea maji. Shaaban aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu maneno yale yalikuwa yake. Alikuwa amejipalia makaa kwa mkono wake mwenyewe, tena miaka kwa miaka.

Asubuhi alikuwa na shauri jipya. Alijiambia kwamba kosa ni la Kiswahili. Dunia ina lugha nyingi, wageni wanapita Karagwe kutoka pembe zote, haiwezi kukosekana lugha moja ambamo weusi ni sifa. Akiipata, atamchukua mtu wa lugha hiyo amposee kwa maneno ya huko, na Bi Mwaja, anayependa vya mbali, atayapokea. Mnacheka, lakini mtu aliyependa huona njia mahali ambapo wenzake wanaona ukuta.

Alianza na Mwarabu wa pembe za ndovu aliyekuwa amepiga kambi karibu na soko. Wakasalimiana sana. "Kwenu," Shaaban akauliza, "mtu mwema mnamsifu vipi?"

"Tunamwombea Mungu aufanye mweupe uso wake."

Shaaban akauliza tena, "Na mwovu?"

"Mungu autie weusi uso wake. Aliyejiaibisha tunasema uso umekuwa mweusi."

Mwarabu huyo, nawaambia ukweli, mama yake alikuwa mtu wa Tabora, na yeye mwenyewe alikuwa mweusi kuliko Shaaban. Shaaban akamtazama, akatazama mikono yake mwenyewe, akamtazama tena. Mwarabu akaelewa, akacheka. "Si ngozi, ndugu yangu. Ni heshima. Mtu mweusi mwenye heshima uso wake ni mweupe, na mtu mweupe mwizi uso wake ni mweusi. Hayo maneno hayahusiani na ngozi hata kidogo."

Shaaban alipata nafuu. Akauliza, kwa kuhakikisha tu, kama yeye Mwarabu angemwoza binti yake mtu mweusi.

"La, haiwezekani," Mwarabu akasema. Kisha akajishika kidevu, na ikaonekana kwamba yeye pia ndiyo kwanza anayasikia maneno yake.

Kutoka hapo akaenda kwa fundi Mhindi mwenye cherehani, Baniani, mpole sana, aliyekuwa akishona kanzu huku ameshika sindano mdomoni. Kwa Kihindi, fundi akasema, kumwaibisha mtu ni kumtia weusi usoni. Tena kwao vijijini si maneno matupu: mtu akifanya uchafu hupakwa masizi uso mzima, akazungushwa juu ya punda watu wamwone. Shaaban alikuwa anaelekea mlangoni fundi alipotoa sindano mdomoni. "Lakini mungu wetu mmoja ni mweusi," akasema. "Jina lake lenyewe maana yake ndiyo hiyo, mweusi. Tunamwimbia. Tunamsifu kwa rangi ya wingu la mvua."

Shaaban akarudi akakaa. Huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta, ingawa kwa Mwislamu ilikuwa shida kidogo kumpeleka mungu wa Baniani kwenye posa. "Basi kwenu msichana mweusi anapendwa," akasema.

Fundi aliichomeka sindano kwenye kanzu. "Msichana mweusi kwetu," akasema, "mama yake humpaka manjano tangu utotoni, na humwombea kwa mungu yule mweusi apate weupe."

Hata kwa padri alikwenda. Aliwauzia watu wa misheni vitambaa vya pazia, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kubisha. Padri Mdachi, mwenye ndevu nyekundu na kanzu nyeupe, alimkaribisha vizuri, akafurahi kuulizwa jambo ambalo si bei ya kitambaa. Akaeleza kwamba kwao mtu akimsingizia mwenzake husemwa amempaka weusi, na mtu asiye na kosa husemwa ana kizibao cheupe. Shaaban akakitazama kizibao chake. Kilikuwa cheusi, kipya, alikivaa makusudi kwa heshima ya ziara hiyo. Padri akaendelea kwamba dhambi ni nyeusi na roho iliyotubu ni nyeupe kama theluji.

"Theluji ni nini, padri?"

Padri akaeleza. Maji yaliyoganda yakianguka kutoka juu, yakifunika nyumba, barabara, mashamba.

"Yanafaa kwa kunywa?"

"La. Ni baridi. Watu hufa ndani yake."

Shaaban akafikiri. "Na kwenu vilivyo vyeusi ni vitu gani?"

"Udongo mzuri," padri akasema bila kufikiri. "Na mkate wetu sisi watu wa shamba. Na moshi wa jikoni, baridi inapokuwa kali." Alikuwa mtu mkweli, na macho yake yakaenda dirishani kwenye migomba.

"Kwa hiyo kinachowalisha ni cheusi, na kinachowaua ni cheupe," Shaaban akasema, "na mnasifu kinachowaua." Padri akasema ni kwa sababu ya usiku. Watu wote duniani wanauogopa usiku na kupenda kukicha, na wote hufua nguo na kuona uchafu ukitoka. Maneno hayo yamezaliwa huko, si kwenye ngozi ya mtu. Shaaban akakubali kwamba yamezaliwa huko. Akauliza kwa adabu kwa nini yamehamia huku. Padri akampa chai.

Jioni aliporudi alimkuta nje ya duka lake Ta Byabato, yaani Baba Byabato kwa lugha ya huko, mzee wa Kinyambo mwenye kibanja kikubwa cha migomba karibu na njia ya Ihembe, amekuja kununua chumvi. Shaaban alikuwa amechoka na dunia nzima. Akamuuliza tu ili ajue kama na Wanyambo nao wamemtupa. Ta Byabato akasema ndiyo, kwao pia kuwa mweupe na kutakata ni neno moja, na mwenye moyo mwema husemwa kwa neno hilo hilo. Shaaban akatikisa kichwa, akaanza kupima chumvi.

"Lakini inategemea unasifu nini," Ta Byabato akasema. "Mgomba uliopauka umekufa. Mgomba wenye afya tunasema ni mweusi. Wingu jeupe halina kitu ndani. Udongo mweupe hauoti hata boga. Mimi nikimkuta mtu anauza kibanja, nauliza kwanza kama udongo wake ni mweusi."

Mkono wa Shaaban ukasimama, chumvi ikamwagika chini. "Ta," akasema, "unaweza kuposa?"

Basi kesho yake mzee akaenda, amevaa shuka safi, amejiandaa. Shaaban alijibanza nyuma ya migomba ya Bi Mwaja asikie. Ta Byabato alianza vizuri. Akasema, "Mama, nakuletea mtu mweusi kama kibanja kilichotiwa samadi."

"Samadi?" Bi Mwaja akasema.

"Ya ng'ombe. Nyingi. Mweusi kama wingu la masika lililokaribia."

"Wingu la masika lilipiga radi choo changu."

"Lakini maharage yalistawi," mzee akasema. Naye Bi Mwaja, ambaye kweli maharage yake yalistawi mwaka ule, alikasirika zaidi. Akasema hawezi kumwoza mwana wa ndugu yake kwa kibanja. Shaaban alirudi kwa njia ya nyuma akiwa na utomvu wa mgomba kwenye kizibao, na hakuona ajabu, maana siku hizo hata nguo zake zilimcheka.

Siku iliyofuata Maua akaingia dukani kutafuta uzi. Alichagua uzi kwa muda mrefu kuliko uzi wenyewe ulivyostahili. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Bwana Shaaban, nasikia umekuwa ukizunguka kwa Waarabu na mapadri kutafuta mahali pa kuuficha weusi wako."

"Si kuuficha. Kuusifu."

"Mimi nimekuwa nyuma ya pazia kila ulipokuja kwa shangazi," Maua akasema. "Kila mwanamume uliyemposea. Unajua uliniombaje?"

Shaaban akajaribu kukumbuka. Akajibu kwamba alimsifu sana.

"Ulisema, 'Bwana huyu anajua binti ni mweusi, lakini amesikia moyo wake ni mweupe.' Kila mara. Wanaume tofauti, maneno yale yale. Ukaniombea msamaha kwa watu ambao sikuwakosea. Nikawakataa wote, si kwa ubaya wao. Wengine walikuwa watu wazuri. Nilikuwa sitaki kuolewa na mtu aliyenisamehe." Akaweka uzi mezani. "Umeumia kwa siku chache, ukaenda mpaka kwa padri. Mimi nimeumia miaka, na aliyekuwa akiniumiza ni wewe. Kisha ukaniletea samadi."

Akachukua uzi, akatoka. Shaaban alikaa juu ya gunia la chumvi. Alijiona mpumbavu, na alikuwa mpumbavu kweli, hapo simtetei. Alikuwa amezunguka lugha zote kutafuta nani aliyemkosea, na mkosaji alikuwa anakaa dukani kwake, anakula chakula chake. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Kwa mara ya kwanza aliona lile neno lake alilolipenda, moyo mweupe, si zawadi aliyowapa watu. Lilikuwa kiraka, na kiraka huwekwa mahali ambapo mtu ameamua kuna tundu.

Siku ya pili alivaa kanzu, akatoka, akapita sokoni, na kila aliyemwona anaelekea kwa Bi Mwaja peke yake, bila mshenga, alisimama. Mshenga mkuu anakwenda kujiposea mwenyewe! Ramadhani alimkimbilia akamshika mkono. "Unaharibu mila," akamwambia. Shaaban akasema mila ataiomba radhi baadaye, leo ana wengine wa kuwaomba.

"Shikamoo, Bi Mwaja."

"Marahaba. Nani amekuleta?"

"Nimejileta. Nimekuja kumposa Maua."

Bi Mwaja aliduwaa, lakini alikuwa mwanamke wa adabu, akamwonyesha jamvi. Nyuma ya pazia sindano ilikuwa ikipita kwenye kitambaa, kisha haikupita.

"Haya," Bi Mwaja akasema. "Sema."

Mdomo ule uliowaoza watu wa wilaya nzima ulikauka. Maneno ya zamani yote yalikuja mbio, yakajipanga kwenye ulimi tayari kutumwa, naye akayarudisha moja moja.

"Maua ni mweusi," akasema.

Bi Mwaja akaitikia kwa kichwa, akangoja. Sehemu ya pili huja siku zote. Akangoja tena.

"Halafu?" akauliza.

"Hakuna halafu. Mimi pia ni mweusi. Namtaka."

"Na moyo wake je?"

"Moyo wake sijui una rangi gani, Bi Mwaja, na kama mtu aliwahi kukuambia humu ndani kwamba anajua, alikudanganya. Najua ni mkali. Najua hamvumilii mjinga, na mimi amenivumilia miaka mingi. Akishona kofia, haifumuki. Akicheka, nasahau bei ya vitu. Nimemkosea hapa hapa juu ya jamvi hili, mbele yako, na nimekuja kumwomba radhi hapo hapo. Akinikataa nitaondoka, wala sitamsema."

Pazia likasogezwa. Maua alitoka, sindano bado iko mkononi, macho yamelowa, akakaa kando ya shangazi yake. Haikuwa desturi, na siku hiyo hapakuwa na desturi iliyosalimika.

"Shangazi," akasema, "wamekuja wengi humu. Huyu ndiye wa kwanza kuniposa mimi."

Bi Mwaja alimtazama mwana wa ndugu yake, akamtazama Shaaban, akayatazama maisha yake yote ya liwa. Akatafuta neno, na lililokuja ni lile lile la zamani, maana hakuwa na lingine.

"Watoto watakuwa weusi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa onyo la mwisho.

"Ndiyo," Maua akasema.